Mawe ya Mkojo kwa Mbuzi na Kondoo Dume Wanaononeshwa

Wazee wangu, mama zangu na ndugu wafugaji wa Newala, leo nimeombwa nizungumzie dume anayekufa akiwa amenona, wiki chache kabla ya Idi ya kuchinja.

Tumchukue mbuzi wa kilo 25, aliyehasiwa akiwa na umri wa mwezi mmoja, ambaye sasa amefungwa uani na anapewa gramu 600 za pumba za mahindi kila siku, pamoja na majani kidogo tu. Pumba hizo humpa takribani gramu 5 za fosforasi, lakini kalsiamu yake haifiki gramu 1, ilhali chakula chake chote kilipaswa kuwa na kalsiamu mara mbili ya fosforasi. Mnyama anayecheua majani hutoa mate mengi, na fosforasi ya ziada hupita katika mate hayo hadi kwenye kinyesi. Anayeshiba pumba hacheui sana, kwa hiyo ziada hiyo hutoka kwa mkojo, na humo huungana na magnesi na amonia ikawa chembechembe kama mchanga. Maji yakiwa haba, nasi wa uwanda huu wa Makonde twaijua adha hiyo, mkojo huwa mzito na chembe hushikamana upesi zikawa mawe.

Jike naye hupata chembe hizo, ila mrija wake wa mkojo ni mfupi na mpana, hivyo huzitoa. Mrija wa dume ni mrefu, umejikunja kama herufi S, na mwishoni una kijimkia chembamba ambamo mawe hukwama mara nyingi. Kwa kuwa homoni ya kiume ndiyo inayoukuza mrija huo, aliyehasiwa mapema hubaki na mrija mwembamba zaidi. Afadhali kusubiri hadi miezi 5 au 6, mradi madume watengwe na majike.

Dume aliyeziba hujinyoosha, hutikisa mkia, hujikamua na kulia, na wengi humdhania amefunga choo wakampa mafuta ya kula. Tazameni mkojo: ukitoka kwa matone, au nywele za govi zikiwa na chembe ngumu, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Anaweza kukata kijimkia kile, ingawa mara nyingi mawe mengine hufuata. Mnyama akitulia ghafla kisha tumbo likavimba, msidhani amepona. Huenda kibofu kimepasuka.

Kinga huanzia kwenye pumba. Zipunguzeni hadi gramu 200, majani yawe ndiyo chakula kikuu, na kwa kila kilo ya pumba changanyeni gramu 30 hadi 40 za chokaa ya kulishia mifugo, si ile ya kupakia kuta. Unga wa mifupa, ambao wengi huuongeza kwa nia njema, una fosforasi yake, hivyo haurekebishi upungufu huu. Chumvi ya kawaida, gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya pumba, humfanya mnyama anywe zaidi, lakini msiitie ikiwa ndoo hushinda tupu, wala msimpe aliyekwisha kuziba.