Vekta Aigeni Moja Imekosekana: Kipeo cha Matriki kwa Matangi Mawili

Karibuni tena. Leo nina ubao, kalamu mbili na mchoro wa matangi mawili ya maji, moja juu ya dari na jingine chini yake, kama yalivyo kwenye nyumba nyingi hapa Dar es Salaam. Yote mawili yamejaa, kila moja lita 1000. La juu lilijazwa maji ya kisima, na humo mna kilo 2 za chumvi. La chini lina maji baridi, yasiyo na chumvi hata chembe. Sasa bomba la mtaani limefunguliwa. Maji baridi yanaingia tangi la juu kwa lita 500 kwa saa, yanachanganyika, yanashuka la chini kwa kiasi hicho hicho, kisha yanatoka kwenda jikoni. Swali ni hili: chumvi itakuwa kiasi gani kwenye tangi la chini kila saa, na ni baada ya saa ngapi maji ya jikoni yatakuwa na chumvi nyingi kuliko wakati wowote?

Tuandike. Chumvi ya juu ni x, ya chini ni y, na muda t ni kwa saa. Kila saa nusu ya ujazo wa tangi inapita, kwa hiyo:

```
x' = -x/2
y' =  x/2 - y/2

A = [ -1/2    0  ]
    [  1/2  -1/2 ]
```

Jibu lote limo ndani ya kipeo cha matriki, e^(At), kikizidishwa na hali ya mwanzo, (2, 0). Kazi yetu ni kukipata hicho kipeo.

Hatua ya kwanza mnaijua: tafuta thamani aigeni. Determinanti ya A - λI ni (-1/2 - λ)², kwa hiyo λ = -1/2, mara mbili. Msikimbilie kusema vekta imekosekana kwa sababu tu thamani imejirudia. Matriki yenye -1/2 mbili kwenye mshazari na sifuri kwingine kote nayo ina thamani iliyojirudia, lakini kila vekta kwake ni vekta aigeni. Kinachoamua ni matriki hii, tutakayoiita N:

```
N = A + (1/2)I = [  0   0 ]
                 [ 1/2  0 ]
```

Tunatafuta vekta ambazo N inazifanya sifuri. Mstari wa pili unadai sehemu ya kwanza iwe sifuri, basi. Tunabaki na mwelekeo mmoja tu, v = (0, 1). Tulihitaji mbili, tumepata moja.

Hapa naomba tutulie, kwa sababu wengi wanafika hapa wakidhani wamekosea hesabu. Rudini kwenye matangi. Vekta aigeni ni mgawanyo wa chumvi ambao haubadilishi uwiano wake: kiasi kinapungua, lakini uwiano wa juu na chini unabaki ule ule. Mgawanyo gani una sifa hiyo? Chumvi yote ikiwa chini, inatoka polepole na ya juu inabaki sifuri. Huo ndio v wetu. Lakini ikiwepo chumvi hata kidogo juu, itaendelea kushuka, na kwa kuwa matangi yote mawili yanajisafisha kwa kasi moja, sehemu ya chini inazidi kukua ikilinganishwa na ya juu. Uwiano unazidi kusogea, hautulii kamwe. Vekta ya pili haipo kwa sababu mgawanyo wa namna hiyo haupo.

Basi tufanyeje? Jaribio la kwanza la kila mtu ni kuchukua t·v·e^(-t/2) kuwa jibu la pili. Simamisha video, jaribu jibu hilo kwenye daftari. Umerudi? Kasi ya kubadilika ya usemi huo ina vipande viwili: v·e^(-t/2), na -1/2 mara usemi wenyewe. Upande wa pili, A ikizidishwa na usemi huo inatoa kipande cha pili peke yake. Kimebaki v·e^(-t/2) ambacho hakina mwenzake. Ili milinganyo ikubali, ongeza vekta w ndani: jaribu e^(-t/2)(w + t·v). Ukirudia hesabu, mabaki yanafutika kwa sharti moja tu:

```
N w = v
```

Huyo w ndiye vekta ya jumla. N haimfanyi sifuri mara moja. Inamgeuza kuwa v, kisha ikipita mara ya pili ndipo inapata sifuri. Kwetu N w = (0, w₁/2), na hiyo iwe (0, 1), kwa hiyo w₁ = 2. Sehemu ya pili iko huru, naiweka sifuri: w = (2, 0). Ukiweka 7 hapo utapata w nyingine, lakini e^(At) itatoka ile ile.

Sasa kipeo chenyewe. A ni -1/2 ya I, ukijumlisha N. I inabadilishana nafasi na matriki yoyote bila kuathiri zao, ndiyo maana tunaruhusiwa kutenganisha e^(At) kuwa e^(-t/2) mara e^(Nt). Matriki mbili zisizobadilishana nafasi huwezi kuzitenganisha hivyo. Na N² ni sifuri, kwa hiyo mfululizo mrefu wa e^(Nt) unakatika baada ya vipande viwili:

```
e^(At) = e^(-t/2) (I + tN) = e^(-t/2) [  1   0 ]
                                      [ t/2  1 ]
```

Jaribu haraka: weka t = 0, unapata I. Chukua kasi ya kubadilika pale t = 0, unapata -1/2 ya I na N, yaani A. Jaribio hilo la pili hukamata makosa mengi ya alama, lifanye kila mara.

Zidisha na (2, 0):

```
x = 2e^(-t/2)
y = te^(-t/2)
```

Uwiano y/x ni t/2. Ndiyo ile t iliyoingia kwenye jibu: uwiano usiotulia, unaokua kwa mwendo ule ule kila saa. Baada ya saa 1, juu kuna gramu 1213 na chini 607. Baada ya saa 2, kote gramu 736, na hicho ndicho kilele cha tangi la chini. Hakuna haja ya hesabu ndefu kukipata: chumvi ya chini inaacha kupanda pale inayoingia inapolingana na inayotoka, yaani x = y, yaani t = 2. Saa ya 8 bado zimebaki kama gramu 147 chini, wakati juu hazifiki 40.

Kwenye kompyuta kuna mtego. Ukitumia np.linalg.eig kwa A hii, haitalalamika. Itakupa safu mbili zinazokaribia kuwa moja, na ukijaribu kupata kinyume cha matriki hiyo ya vekta, namba zinaharibika. Hali ni hiyo hiyo tangi moja likiwa na lita 999.999: vekta mbili zipo kwenye karatasi, lakini jibu linakuwa tofauti ya namba mbili zinazokaribiana sana, ikigawanywa kwa namba ndogo sana, na tarakimu zinapotea. Tumia hii badala yake:

```
import numpy as np
from scipy.linalg import expm
A = np.array([[-0.5, 0], [0.5, -0.5]])
print(expm(2*A) @ [2, 0])
```

Utaona 0.73575888 mara mbili, zile gramu 736.

Mwenye tangi la tatu chini ya hayo, la ujazo ule ule, ataendeleza mnyororo: N u = w, N w = v, N v = sifuri. Anza na matriki ya 3 kwa 3, tafuta N², kisha uthibitishe kwamba N³ ni sifuri. Mfululizo utakuwa na kipande cha tatu, t²N²/2, na chumvi ya tangi la tatu itatoka (t²/4)e^(-t/2). Kilele chake ni saa ya 4.