Sola au Jenereta: Hesabu ya Ofisi ya Fundi Cherehani

Ndugu zangu mafundi, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie umeme wa karakana ndogo kwa wale ambao nguzo haijawafikia, au imewafikia lakini umeme unakuja kwa hiari yake. Sitazungumzia kila aina ya karakana. Nitachukua ofisi moja ya ushonaji hapa mkoani Dodoma, tuifanyie hesabu mpaka mwisho, halafu mafundi seremala na wa kuchomelea nitawageukia.

Ofisi yenyewe ina cherehani mbili za kiwandani na oveloki moja, pasi ya wati 1,000, taa nne na feni. Kazi ni saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kabla hujauliza bei ya sola au ya jenereta, tafuta kwanza ofisi inakula uniti ngapi kwa siku. Uniti ni ile ile ya LUKU: kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula uniti moja.

Wengi wanasoma kibandiko cha mota, wanazidisha kwa saa, basi. Kibandiko kinasema wati 400, lakini hakikuambii mota inafanya nini fundi anapopumzika. Cherehani nyingi za kiwandani zinakuja na mota ya klachi. Ukiiwasha asubuhi inazunguka kutwa nzima. Unapokanyaga pedali huiwashi mota, unaiunganisha tu na cherehani. Mteja akija kupimwa, mota inazunguka. Unakata kitambaa, inazunguka. Ule mvumo mnaousikia ofisini wakati hakuna anayeshona ni umeme unaoondoka. Chomeka kile kipima matumizi kidogo kinachokaa kati ya soketi na plagi, utaona mota inakula wati mia na zaidi bila sindano kugusa nguo.

Tuseme kwa wastani kila mota ya klachi inakula wati 200 kutwa nzima. Mota tatu kwa saa nane ni uniti 4.8. Pasi, kwa kuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, tuiwekee uniti 1.5. Feni na taa hazifiki hata uniti moja. Jumla ni kama uniti 7.

Sasa ng'oa hizo mota za klachi, funga za sevo. Mota ya sevo inazunguka pale tu unapokanyaga, ukiachia inasimama. Wastani unashuka hadi kama wati 60 kwa kila cherehani, yaani uniti 1.4 kwa zote tatu. Ofisi nzima sasa inakula uniti 3.6 kwa siku. Kazi ni ile ile, nguo ni zile zile, na matumizi yamekatika nusu. Kwa mtu wa sola, nusu hiyo ni paneli pungufu na betri pungufu. Mota tatu za sevo ni rahisi kuliko betri ya pili, kwa hiyo anza hapo.

Kwa mtu wa jenereta mambo ni tofauti, na hapa naomba tutulie kidogo. Jenereta ya petroli ya kVA 3 inakunywa mafuta kwanza kwa ajili ya kujizungusha yenyewe, kisha kwa ajili yako. Ukiipa mzigo wa karibu uwezo wake wote, lita moja inaweza kukupa kama uniti moja na nusu. Ukiipa mzigo mdogo, kama ofisi yetu ambayo kwa wastani inataka wati 450 tu, bado itakunywa karibu robo tatu ya lita kwa saa. Ukiwa na mota za klachi, mzigo unakaribia mara mbili, lakini mafuta yanaongezeka kama lita moja na nusu tu kwa siku. Jenereta haikuadhibu sana kwa ubadhirifu, wala haikuzawadii sana kwa kubana matumizi. Inalipisha saa.

Tuipigie hesabu. Robo tatu ya lita kwa saa nane ni lita 6. Bei ya petroli EWURA wanaitangaza upya kila mwezi. Leo tuchukulie shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Ni shilingi 18,000 kwa siku, 468,000 kwa mwezi. Gawanya 18,000 kwa uniti 3.6, utapata shilingi 5,000 kwa uniti moja, wakati mwenzako aliyeunganishwa na TANESCO analipa mia tatu na kitu. Bado oili. Injini hizi ndogo zinataka oili mpya kila baada ya saa kama 100, na ofisi yetu inafikisha saa 208 kwa mwezi. Kwa hiyo ni mara mbili kila mwezi, na asiyefanya hivyo mlio wa injini utamsimulia. Weka 490,000 kwa mwezi kwa jumla.

Upande wa sola, ofisi inataka uniti 3.6. Hapa Dodoma jua la siku ya kawaida ni sawa na saa tano hivi za jua kali kamili. Toa robo nzima kwa ajili ya joto, vumbi, waya na inveta. Joto lenyewe si la kudharau: wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi 25, na juu ya bati la saa saba mchana paneli inapita nyuzi 60 bila shida. Paneli tatu za wati 550 zitakupa kama uniti 6 siku ya jua na kama 3 siku ya mawingu mazito. Mbili zingetosha kwenye karatasi, lakini Januari mvua zikikolea ungezima pasi saa nane mchana. Paneli ndiyo sehemu rahisi ya mfumo, usibane hapo.

Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia 100 inabeba uniti 5. Inveta iwe ya wati 3,000, kwa sababu cherehani tatu zikikanyagwa pamoja na pasi ikawaka unafika kama wati 2,000. Pamoja na fremu, waya, breka na ufundi, tuweke milioni 6. Jenereta nzuri ya ukubwa ule tuweke milioni 1.2. Mota za sevo nimezihesabu zimeshafungwa pande zote mbili. Tofauti ni milioni 4.8, na ukiigawa kwa 490,000 za kila mwezi, ndani ya miezi kumi jenereta imeshakula hela ya sola. Bei zikibadilika, hesabu ni hiyo hiyo, badilisheni namba tu.

Msiondoke hapa mkisema sola imeshinda, maana hesabu hiyo ni ya mtu asiye na nguzo kabisa. Mwenye TANESCO inayokatika jumla ya saa kumi kwa wiki anachoma lita 7 na nusu kwa wiki, kama shilingi 97,000 kwa mwezi. Hata ukiongeza kama 33,000 za LUKU ambazo sola ingemwokolea, milioni 4.8 zitarudi baada ya miaka mitatu. Mtu huyo ningemwambia anunue jenereta, hela inayobaki aongeze oveloki.

Mama hapo mbele anauliza: je, aliyeuziwa betri za gari, au zile za jeli? Mama, za jeli zinafaa, lakini usizishushe chini ya nusu. Betri ya jeli ya volti 12 na ampia 200 imeandikwa uniti 2.4, wewe hesabu 1.2. Iache ipumzike saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, kisha pima volti: kama 12.8 imejaa, kama 12.3 umefika nusu. Ukiikuta kila asubuhi iko chini ya hapo, inakufa taratibu na hutaona dalili mpaka siku pasi itakapozima inveta. Ile ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuiendeshea ofisi kutwa ni kuiua kwa miezi.

Tena, Mama, ukipandisha paneli angalia kivuli. Paneli zikiunganishwa mfululizo, tawi la mwembe likitia kivuli paneli moja, zote zinavutwa chini. Pandeni juu saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, si saa sita tu.

Mafundi seremala, nyie shida yenu ni mwasho. Mota ya randa au msumeno wa meza ya wati 2,200 ikianza kuzunguka inavuta umeme mara tatu mpaka sita ya kawaida, kwa sekunde chache. Inveta ya wati 3,000 itapiga kelele na kujizima, ingawa betri imejaa. Jenereta ya kVA 3 nayo utaisikia inazama, taa zinafifia, mota inanguruma bila kushika kasi, na hapo ndipo waya za mota zinapoungua. Kwa mota ya namna hiyo tafuteni jenereta ya kVA 7 hivi. Wa kuchomelea vilevile: mashine ikiwekwa ampia 140 inaomba wati 4,000 na zaidi, na mfumo wa milioni 6 hauna ubavu huo.

Ila hamlazimiki kuchagua kimoja. Seremala anayepasua mbao saa mbili kwa siku, kisha akashinda anapiga msasa, anaranda kwa mkono na kupaka vanishi, awashe jenereta kwa hizo saa mbili tu. Wakati huo huo jenereta ichaji betri kupitia inveta, ili mafuta yanayochomwa yafanye kazi kamili. Kwenye mipangilio ya inveta kuna sehemu ya kuweka ampia za kuchaji kutoka kwenye jenereta. Ukiweka 30 kwenye betri ya volti 51.2, jenereta inabeba kama wati 1,500 zaidi ya mzigo wako. Kama inalegea, shusha mpaka 15. Na kama inveta inaikataa jenereta kabisa, mara nyingi kasi ya injini inayumba na umeme wake hautulii kwenye hezi 50. Fundi arekebishe gavana na kusafisha kabureta kabla hujailaumu inveta.

Kaka wa nyuma anasema jenereta yake anaifungia ndani isiibiwe, mlango anauacha wazi. Hapana, kaka. Moshi ule una gesi isiyo na harufu wala rangi, inaua mtu aliyekaa tu kwenye kiti chake akishona, na mlango wazi hautoshi. Ijengee kibanda cha nondo nje, mbali na dirisha, bomba la moshi likielekea upande usio na watu. Na mwenye TANESCO asichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani. Funga swichi ya kubadilishia, ile ya kuchagua huku au kule, maana bila hiyo umeme wako unarudi kwenye nguzo, na fundi wa shirika anaweza kuwa ameushika waya.

Nadhani muda umetosha kwa maswali mengine. Mwenye kipima matumizi anisaidie hapa, tuchomeke hii cherehani ya klachi tuone inasoma ngapi.