Barua ya Ushuru Inapowekewa Bei

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, Kisumu)

Mabibi na mabwana, hamjambo. Najua wengine wenu mmefunga duka nusu siku kuja hapa, kwa hiyo sitawapotezea wakati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ana duka la saruji na mabati pale Kondele. Tarehe 3 Machi anapata notisi kwenye iTax, mfumo wa KRA wa ushuru mtandaoni. Mwaka jana alinunua mali ya shilingi 1,200,000 na akalipa VAT ya asilimia 16 juu yake, yaani 192,000, ambayo aliidai kwenye ritani yake. Muuzaji wake hakutangaza mauzo hayo. Mitambo ikalinganisha vitabu vya wawili hao, ikaona havifanani, na mama akaambiwa arudishe 192,000, pamoja na adhabu na riba.

Tarehe 20 Machi anapigiwa simu na afisa wa KRA. Sauti ya upole kabisa. "Mama, hii barua yako nimeiona. Inaweza kupotea, lakini haipotei bure. Tafuta sitini. Halafu usiandike chochote kwanza, nipe wiki mbili."

Hapo wengi wetu tunaisikia hiyo sitini elfu tu. Mimi naisikia zaidi ile wiki mbili. Mlipa ushuru ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi tangu apewe notisi. Kwa mama huyu siku hizo zinaisha tarehe 2 Aprili. Hesabu wiki mbili kutoka tarehe 20: unaangukia tarehe 3. Atakuwa amechelewa kwa siku moja, na kuanzia hapo afisa ndiye mwenye kisu na nyama. Sheria inakuruhusu kuomba muda zaidi ukiwa ulikuwa mgonjwa, au nje ya nchi, au una sababu nyingine ya maana. "Nilikuwa naongea na afisa wenu pembeni" si sababu unayoweza kuiandika kwenye fomu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na nitalirudia hata mkinichoka: kuripoti hongo hakusimamishi saa ya ushuru. Hizi ni njia mbili, na unazipita zote mbili kwa wakati mmoja. EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, haina uwezo wa kufuta deni lako. Pingamizi nalo halimshtaki afisa.

Pingamizi unaliweka kwenye iTax. Eleza unapinga kiasi gani na kwa nini, lipa ile sehemu usiyoipinga kama ipo, na uambatanishe ankara, hati za kupokea mali, na taarifa ya benki au M-Pesa inayoonyesha ulilipa. Kwa kisa hiki kuna kazi moja ya ziada: mtafute yule muuzaji arekebishe ritani yake, maana sheria ya VAT inataka mauzo hayo yawe yametangazwa na aliyeuza. Asipofanya hivyo unaweza kushindwa hata kama ulilipa kila senti. Ni uchungu, lakini afadhali mlisikie kwangu. Pingamizi likiwa kamili, Kamishna ana siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, linahesabiwa limekubaliwa.

Sasa, je, barua inaweza kupotea kweli? Karatasi inaweza. Deni limeandikwa kwenye leja yako ya iTax. Hata kama afisa ana njia ya kuliondoa, sheria inaruhusu makadirio kurekebishwa ndani ya miaka 5, na pakiwa na udanganyifu hakuna kikomo. Atakapohamishwa, mwenzake atafungua faili na kuuliza ni nani aliyefuta hii na kwa ushahidi gani. Wakati huo sitini yako imeshakuwa mabati ya nyumba ya mtu.

Tuwe waangalifu lakini. Si kila afisa anayesema "tukae tuelewane" anaomba chai. Kuna utaratibu halali wa kusuluhisha mizozo ya ushuru nje ya korti. Tofauti unaiona haraka: huko mnaandikiana, mnatia sahihi, na pesa zinalipwa kwa PRN, yaani namba ya malipo iliyotolewa na iTax. Ukitajiwa namba ya simu ya mtu, au ukiambiwa "usiandike", hapo umeshajibiwa.

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haingoji pesa zitoke mfukoni. Kuomba peke yake ni kosa. Kutoa pia ni kosa, na aliyetoa hawezi kujitetea kwamba aliombwa. Ndiyo maana simu ile ikishakatika, mama asirudishe jibu la "nina arobaini, inatosha?" Hapo ameanza kununua. Pia asijifanye mpelelezi kwa kumsukuma afisa ataje bei. Mtego ukionekana ulimvuta mtu kwenye kosa ambalo hakuwa nalo, korti inaweza kuitupa kesi nzima.

Afanye nini? Akae chini siku hiyohiyo aandike. Tarehe, saa, namba iliyopiga, na maneno yenyewe kwa lugha iliyotumika, iwe Kiswahili au Dholuo. Asiandike "aliniomba hongo". Hayo ni maoni yake. Aandike "alisema inaweza kupotea, lakini haipotei bure, tafuta sitini." Kama kuna ujumbe wa WhatsApp, azime ile mipangilio ya ujumbe kujifuta, na simu hiyo asiibadilishe wala asiitengeneze. Picha ya skrini ni nzuri, ila ushahidi wa kielektroniki una masharti yake kortini, na wapelelezi watataka simu yenyewe. Na tafadhali, asiutume kwenye grupu la soko. Kufikia jioni afisa atakuwa ameusoma.

Kisha apige 1551, namba ya EACC isiyolipiwa, au aende ofisi yao hapa Kisumu. Kama anaendesha biashara yake kama kampuni na yeye ni mkurugenzi, Sheria ya Hongo inamtaka aripoti ndani ya saa 24. KRA nayo ina mfumo wake, iWhistle, unaopokea ripoti bila jina. Ni mzuri kwa nidhamu ya ndani. Ila bila jina pana mipaka yake: EACC wakitaka kufanya operesheni, humpa mlalamishi kinasa sauti kwanza wathibitishe ombi, kisha noti zilizopakwa dawa inayobaki mikononi. Hayo hayafanyiki na mtu asiyejulikana. Mlalamishi anakuwa shahidi, na uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si wa EACC.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, mzee.

Mzee anauliza: nikiripoti, kesho si nitaletewa wakaguzi dukani?

Inaweza kutokea, sitakudanganya. Sheria hiyohiyo ya Hongo inasema anayemtisha au kumsumbua aliyeripoti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Kwa hiyo wakaguzi wakija, usiwafukuze. Waombe barua ya ukaguzi, andika majina yao na tarehe, kisha mpigie yule mpelelezi aliyechukua taarifa yako umweleze. Na ile ritani ya mwezi huo, mzee, uwasilishe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kama kawaida, wasije wakakupata na kosa ambalo ni la kweli.