Injini ya jeti inapopiga mishindo: kuitambua hali na kuidhibiti

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulika na hali moja tu: ndege imetoka kuruka, na injini inaanza kupiga mishindo.

Kwanza, tazama kwenye mchoro panga hili la kompresa, sehemu ya injini inayokandamiza hewa. Umbo lake ni la bawa dogo. Hewa ikilijia sawasawa, inateleza mgongoni mwake na kusukumwa nyuma kwenye chumba cha mwako. Sasa tuseme panga limepindwa na kipande cha barafu, au hewa inaingia kwa vurugu. Hewa inalijia kwa pembe kali mno, inabanduka mgongoni, na panga linashindwa kuisukuma. Hiyo ni stoli. Ikienea kompresa nzima, shinikizo la nyuma linaishinda kompresa, na hewa inarudi mbele kwa kishindo. Shinikizo likishuka inaingia tena, kisha inarudi tena, mara kadhaa kwa sekunde. Hapo ni saji.

Pili, itambue. Utasikia mishindo kama mizinga, na ndege itatikisika. Moto unaweza kuonekana mbele na nyuma ya injini, ingawa injini yenyewe haiungui. Injini ikiwa chini ya bawa, pua itavutwa upande wake. Kisha tazama vipimo: N1, yaani kasi ya mzunguko wa feni ya mbele, inayumba au inashuka, huku EGT, yaani joto la gesi inayotoka, likipanda. Mambo hayo mawili yakienda pamoja, usisubiri ushahidi mwingine.

Tatu, shikilia ndege kwanza, ipande hadi kimo salama. Zima otothroto, yaani mfumo unaorekebisha nguvu ya injini wenyewe, kisha rudisha leva ya injini hiyo taratibu mpaka mishindo ikome. Mafuta yakipungua, shinikizo la chumba cha mwako linashuka na kompresa inapata nafasi ya kusukuma tena. Vipimo vikitulia, sogeza leva mbele polepole. EGT ikiendelea kupanda hata leva ikiwa nyuma kabisa, zima injini.

Hatua hiyo ya leva ina mtego. Tarehe 27 Desemba 1991, ndege ya shirika la SAS aina ya MD-81 iliruka kutoka Arlanda, Stockholm, ikiwa na barafu angavu juu ya mabawa. Barafu ikamomonyoka na kumezwa na injini zake mbili za nyuma. Injini ya kulia ilipoanza kupiga mishindo, kapteni alirudisha leva kidogo, lakini mfumo wa kuongeza msukumo wenyewe, ambao marubani hawakujua kuwa umo, ukaongeza nguvu tena. Ya kushoto nayo ikapata saji bila wao kuigundua. Zote mbili zikafa, ndege ikatua kwenye shamba huko Gottröra, na watu wote 129 wakapona.

Kwa hiyo ukisharudisha leva, usiondoe mkono. Tazama N1 uhakikishe imeshuka kweli, kisha tazama vipimo vya injini ya pili.