Kitufe cha SAVE, kutoka Paje mpaka Darajani

SALMA: Asalaam alaikum wasikilizaji. Leo Haji kaja na gari yake ile ya kuchomeka umeme, na mimi nina ugomvi naye. Juzi niliazima gari kama hiyo kwa kaka yangu, nikabonyeza kitufe cha CHARGE, kile cha injini kuchaji betri, toka Paje, nikafika mjini Unguja betri imejaa kweli kweli. Nikampigia Haji kumringishia, akanicheka.

HAJI: Waalaikum salaam. Sikukucheka, Bi Salma. Nilikuuliza mafuta yalibaki mangapi, ukanyamaza.

SALMA: Haya, waeleze watu kwanza gari yenyewe.

HAJI: Ni Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, toleo la kwanza, lenye betri ya yuniti 12. Nasema yuniti, hizi hizi tunazonunua kwenye mita. Ila zote 12 hupati. Gari inajiwekea akiba yake chini, kwa hiyo wewe unatumia 8 au 9 hivi. Kwa barabara zetu na kiyoyozi, ni kama kilomita 35 bila injini kuwaka. Zikisha, inaendelea na petroli kama haibridi ya kawaida.

SALMA: Na Paje mpaka mjini ni kama kilomita 50.

HAJI: Ndiyo. Nachomeka usiku pale nyumbani, alfajiri imejaa. Nikiondoka bila kugusa kitu, gari inakula umeme wote njiani. Nimeshapita Kitogani, nimeshapita Jozani, nakaribia mjini, na hapo ndipo betri inakwisha. Injini inawaka nikiwa kwenye foleni ya Mwanakwerekwe. Inawaka, inazima, inawaka tena, na mimi sijasogea.

SALMA: Kwa hiyo unabonyeza SAVE.

HAJI: Nikishatoka kijijini, barabara ikishafunguka. SAVE inashika betri pale pale ilipo. Si kwamba inaganda, mshale utauona unashuka kidogo ukikanyaga mafuta na kupanda ukiachia. Kuanzia kilomita kama 70 kwa saa hivi, klachi inafunga na injini inazungusha magurudumu ya mbele yenyewe. Hapo ndipo injini inapofanya kazi yake vizuri. Chini ya hapo, injini inageuka jenereta: petroli inakuwa umeme kwanza, ndio umeme uende kwenye mota, na kila hatua unapoteza kidogo.

SALMA: Sasa pale Jozani, kwenye matuta ya kima punju?

HAJI: Pale naizima SAVE. Unakwenda polepole, tuta baada ya tuta, injini haina faida. Nikishapita naiwasha tena. Nikifika Mwanakwerekwe naitoa moja kwa moja, naingia mjini na umeme.

SALMA: Na unao wa kutosha?

HAJI: Hesabu ni hii. Mwanakwerekwe kuingia, mizunguko yangu ya sokoni na bandarini, mpaka kurudi tena Mwanakwerekwe, ni kilomita 24 hivi. Hizo zinakula yuniti 4 na kitu. Halafu kuna kiyoyozi, ambacho watu wanakisahau. Chenyewe hakijali umetembea au umesimama, kwa saa moja na nusu ya jua la sokoni Darajani kinakula yuniti kama moja na nusu. Jumla 6. Nimefika na 8, bado 2.

SALMA: Sasa niambie kwa nini nilikosea. Mimi nilifika imejaa, wewe umefika na 8.

HAJI: Lita ya petroli ina nguvu ya yuniti kama 9, lakini injini inaitoa kama theluthi tu, nyingine ni joto. Ukiitumia moja kwa moja barabarani, gari hii inakwenda kilomita kama 14 kwa lita. Ukibonyeza CHARGE, ile ile theluthi inapita kwenye jenereta, inaingia betri, inatoka betri, inafika kwenye mota. Unabaki na yuniti mbili na kidogo kwa lita, ndio kilomita 10 au 11. Kila lita umetupa kilomita tatu mpaka nne njiani.

SALMA: Lakini nilizunguka mjini kimya kimya!

HAJI: Ulizinunua kilomita hizo kwa petroli, na bei ya juu. Kilimo cha hasara. CHARGE ina kazi yake, mtu anayekwenda kupanda milima ya Kitonga anaweza kutaka betri ya kumsaidia mlimani. Unguja hii mlima uko wapi?

SALMA: Sawa, nimeshindwa. Sasa SAVE inakuokolea kiasi gani?

HAJI: Hapa watu watanichukia. Nikipiga hesabu yangu ya kalamu, kwa siku nzima, lita theluthi moja mpaka nusu.

SALMA: Basi?! Umetuweka hapa kwa nusu lita?

HAJI: Basi. Maana umeme ni ule ule uliochomeka usiku. SAVE haiongezi hata yuniti moja, inahamisha tu mahali pa kuutumia. Faida yangu nyingine ni kwamba injini inawaka mara moja, inapata moto vizuri, inafanya kazi mfululizo, haiwaki na kuzima mara 20 mjini. Na pale vichochoroni Mji Mkongwe napita bila moshi kwenye baraza za watu.

SALMA: Na hasara yake?

HAJI: Hasara ni kubwa kuliko faida, ukikosea. Mwanzoni nilikuwa bakhili wa betri. Nabonyeza SAVE kwenda, nabonyeza SAVE kurudi, nafika Paje jioni na yuniti 3 zimebaki, najiona mjanja. Kumbe zile 3 zingenisukuma kilomita 15 barabarani. Nimechoma lita nzima ya petroli bure, na usiku mita inaniongezea kidogo tu kwa sababu betri haikuwa tupu.

SALMA: Lita nzima, na faida ilikuwa nusu.

HAJI: Ndiyo hivyo. Kwa hiyo siku hizi nikitoka Mwanakwerekwe kurudi sibonyezi chochote. Zile 2 zilizobaki ziishe zitakapoishia. Nikiingia kwenye geti la nyumbani nataka kuona sifuri.

SALMA: Kuna siku ulinipigia simu umekasirika, upo Darajani.

HAJI: (anacheka) Siku ile nilisimama Jozani, baada ya matuta, kununua madafu. Nikazima gari, nikanywa, nikawasha, nikaondoka. Gari hii ukiizima inasahau SAVE, inarudi hali ya kawaida. Mimi nasikiliza taarabu, raha zangu. Nafika Darajani, jua kali, injini inawaka. Natazama dashibodi, ule mwandiko wa SAVE haupo, kilomita za umeme zimekwisha. Toka Jozani nilikuwa nakula betri bila kujua.

SALMA: Ungejuaje mapema?

HAJI: Ukiwa kwenye mwendo mkubwa na gari iko kimya kabisa, jua SAVE haipo. Na zile kilomita za umeme zinapungua moja moja. Mimi sasa dafu nanunua gari ikiwa imewashwa, muuzaji ananiletea dirishani.

SALMA: Kaka yangu nimwambie nini kuhusu mafuta yake?

HAJI: Mwambie alikuazima gari, na wewe umemrudishia jenereta.