Barua ya shukrani baada ya usaili: jinsi ya kujibu shaka ya jopo

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie barua ya shukrani baada ya usaili. Sitaizungumzia yote. Nitashika sehemu moja ambayo waombaji wengi wanaiacha: umetoka kwenye chumba cha usaili, unajua kabisa kuna jambo lililowatia jopo shaka juu yako, na una saa chache za kuliandikia. Nimekaa upande wa jopo kwa muda mrefu, na barua inayogusa shaka hiyo ndiyo tunayoisoma mara mbili.

Kwanza uijue shaka yenyewe. Jopo halikwambii "tuna wasiwasi na wewe". Utaiona kwa namna nyingine. Swali lilelile linarudi kwa maneno tofauti, kutoka kwa mjumbe mwingine. Au unajibu, halafu mtu anauliza, "Lakini umewahi kufanya wewe mwenyewe?" Kwa hiyo ukishatoka, kabla hujapanda daladala, andika maswali yote unayoyakumbuka. Lililoulizwa mara mbili ndilo la kujibu. Yaliyoulizwa mara moja yaache. Ukianza kujitetea kwa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, umewapa shaka mpya bure.

Nimetunga mfano ili tuuone kwa karibu. Mhasibu amefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye matawi matatu: Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Ameomba nafasi ya Afisa Fedha katika shirika linaloendesha miradi mitatu, kila mradi na mfadhili wake. Kwenye usaili Meneja Fedha anamwambia: "Wewe umezoea fedha za biashara. Hapa fedha ya semina huwezi kuipeleka kwenye mafuta ya gari bila kibali cha mfadhili. Utaweza?" Anajibu, "Nitaweza." Baadaye mjumbe mwingine anauliza kama amewahi kuandaa ripoti ya mfadhili. Hajawahi.

Barua ya haraka ingesema hivi: "Ingawa sina uzoefu wa fedha za wafadhili, mimi ni mwepesi wa kujifunza." Tazama inachofanya. Inaanza kwa kurudia udhaifu kwa maneno makali kuliko waliyotumia jopo, halafu inaweka ahadi ambayo kila mwombaji anaitoa. Meneja Fedha amebaki palepale alipokuwa.

Sasa sikilizeni hii. Usaili kama huu mara nyingi hufanyika kwa Kiingereza, na barua ifuate lugha ya usaili. Hapa nimeiandika kwa Kiswahili ili tuende pamoja.

"Kwa Afisa Rasilimali Watu na wajumbe wa jopo,

Nawashukuru kwa muda wenu jana. Maelezo yenu kuhusu miradi mitatu inayopita katika ofisi moja ya fedha yamenionyesha kuwa kazi kubwa ya nafasi hii ni kuhakikisha fedha hazichanganyiki. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya sasa kwa matawi matatu.

Mliniuliza kama nitamudu fedha zenye masharti. Katika programu ya uhasibu ya Tally nimetenga kituo cha gharama kwa kila tawi. Hakuna vocha inayolipwa kabla ya kuandikwa tawi lake, na fedha za tawi moja haziendi kwingine bila kibali cha maandishi cha mkurugenzi. Kila mwisho wa mwezi nalinganisha matumizi na bajeti na kueleza kila tofauti.

Ripoti ya mfadhili sijawahi kuiandaa. Nikipewa nafasi, wiki ya kwanza nitaomba mikataba ya miradi yote na ripoti zilizopita, niandae jedwali moja la vifungu vya bajeti, ukomo wa kila kifungu na tarehe za ripoti, kisha Meneja Fedha alipitie kabla sijaanza kushughulikia malipo.

Naweza kuleta mfano wa jedwali la ulinganisho ninalotumia, bila takwimu za mwajiri wangu."

Basi, imekwisha. Inasomeka kwenye simu bila kuchosha. Aya ya kwanza inamweka mahali pake kwa kutumia jambo walilolisema wao chumbani. Barua hiyo haiwezi kutumwa kwa shirika jingine. Aya ya pili inachukua swali la Meneja Fedha na kuliletea kitu anachokijua: vocha, kibali cha maandishi, bajeti ya mwezi. Mtu wa fedha akisoma hapo anaona mkono wa mtu aliyekwisha kuzuia malipo. "Nitaweza" ya jana sasa ina ushahidi.

Aya ya tatu ndiyo ngumu, na waombaji wengi wataona afadhali waifute. Msiifute. Amesema wazi ambacho hajafanya, kwa sentensi moja fupi, bila kuomba radhi, na papo hapo ameonyesha hatua. Tena hatua zenyewe ni sahihi: masharti ya fedha yamo kwenye mkataba wa mradi, na anayelipa kabla ya kuusoma ndiye anayezalisha gharama ambazo mfadhili atazikataa wakati wa ukaguzi. Angedanganya kwamba ameshaandaa ripoti hizo, simu moja kwa mdhamini wake ingetosha kumwangusha.

Na sentensi ya mwisho muitazame sana: "bila takwimu za mwajiri wangu." Wapo wanaoambatisha jedwali halisi la kampuni ili kuthibitisha uwezo. Meneja Fedha akilifungua anajiuliza jambo moja tu: huyu akiondoka kwetu, atabeba nini?

Kuna shaka ambayo barua haiiondoi. Tangazo likidai cheti cha uhasibu cha CPA na wewe hujamaliza, usiizungushe. Taja masomo uliyobakiza na kipindi cha mtihani wa bodi ya wahasibu, NBAA, ulichojiandikisha, uishie hapo. Wanaweza kungoja au wasingoje, huo ni uamuzi wao.

Tuje kwenye muda. Mwisho wa usaili uliza wanatarajia kuamua lini. Wajumbe wengine hujumlisha alama siku hiyohiyo, kwa hiyo tuma jioni ile au asubuhi inayofuata. Barua hii ina nguvu pale wawili wamekaribiana na jopo bado linajadili. Aliyeachwa mbali kwa alama haitamwinua.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu nafasi za serikali. Kule usaili unaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira, kwa alama na kwa utaratibu uliowekwa. Usiwatafute wajumbe wa jopo. Barua ya namna hii ni ya mashirika na kampuni binafsi, ambako aliyekuita ana anwani anayokuandikia.

Na anwani hiyo ndiyo ya kujibu. Ijibu barua pepe iliyokuita kwenye usaili, uombe iwafikie wajumbe. Usiitafute namba ya Meneja Fedha kwa rafiki ili umtumie WhatsApp usiku. Hata maneno yakiwa mazuri, atayaona kama njia ya mlango wa nyuma. Zawadi ndiyo kabisa, hata iwe ndogo namna gani.

Wasipojibu, usitume ya pili kuuliza kama wameisoma. Tarehe waliyokutajia ikipita, hapo unaweza kuandika mistari miwili kuulizia hatua ya mchakato, bila kurudia utetezi wako.