Mistari ya Ukingoni mwa Kiganja na Hesabu ya Ndoa

Assalaam alaikum, wazee wangu, kina mama na vijana mliofika hapa Ngamiani jioni hii. Tangu mada yangu itangazwe nimenyooshewa viganja vingi, na swali ni lile lile: nina mistari mitatu, je, nitaolewa mara tatu?

Naomba kila mmoja atazame ukingo wa kiganja chake, kati ya shina la kidole cha mwisho na ule mstari mrefu ambao wasomaji wa viganja huuita mstari wa moyo. Hapo pana mikunjo mifupi iliyolala, ambayo wasomaji huiita mistari ya ndoa. Sasa kunja mkono taratibu, kama mtu anayeshika kikombe cha kahawa, uone mikunjo hiyo inavyozama. Kisha nyoosha vidole kwa nguvu, na ile myembamba itafifia. Ngozi hujikunja pale kwa sababu ndipo kidole kidogo kinapoinamia kiganja.

Ugumu wa kuhesabu huanzia hapo. Ukisimama kando ya dirisha, mwanga wa ubavuni unaweza kukuonyesha minne, na chini ya taa ya darini ukaona miwili. Mkono wa kushoto nao mara nyingi haulingani na wa kulia. Wasomaji wengi wenye uzoefu hawahesabu tu. Husema kuwa ule uliokolea ndio uhusiano mzito, na ile hafifu ni mapenzi yasiyofika kwenye ndoa. Lakini mstari unaoweza kuwa ndoa, uchumba au mapenzi ya siri utalingana na maisha ya mtu yeyote, na kwa hiyo hautabiri chochote.

Yupo jirani yangu, mama wa makamo, ambaye mkono wake wa kulia una mistari mitatu na wa kushoto miwili. Aliolewa, akapewa talaka moja, eda ikaisha, kisha mume yule yule akamuoa tena kwa akdi mpya na mahari mapya. Tuseme ndoa ngapi? Kwa hesabu ya akdi ni mbili, kwa hesabu ya waume ni mmoja, na kama angerejewa ndani ya eda, akdi ya pili isingehitajika kabisa. Ngozi ya mkono haiwezi kujua eda ilikwisha lini. Mumewe, ambaye ana mke mwingine hadi leo, ana mstari mmoja tu.

Linaloniuma ni kwamba mama huyu alisomewa kiganja akiwa msichana, akaambiwa waume watatu, na kila walipogombana nyumbani alijiuliza kama huyo wa tatu yuko njiani. Wiki iliyopita nilimketisha dirishani na kumwomba anyooshe vidole. Mstari wa tatu ukapotea, akaunyoosha na kuukunja mkono mara kadhaa, akiutazama kimya.